Kuunganisha king'amuzi na TV ya chogo kwa modulata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

TV yangu ina tundu la antena tu. Inaweza kuonyesha king'amuzi?

Inaweza, ila si kwa kuchomeka waya moja kwa moja. Hiyo TV tangu itoke kiwandani inajua lugha moja: mawimbi ya analojia yanayokuja juu ya chaneli fulani. King'amuzi kwa upande wake kikishamaliza kazi yake kinatoa picha peke yake kwenye waya wa njano na sauti kwenye mweupe na mwekundu. TV yako haina pa kuvipokea. Modulata inakaa katikati. Inachukua ile picha na sauti, inavipandisha juu ya chaneli moja, tuseme ya 36 ya UHF, kisha inavisukuma kwenye tundu la antena. Ni kituo kidogo cha televisheni kinachorusha matangazo ndani ya waya wa mita moja, na TV inadhani imekamata stesheni hewani.

Dar es Salaam mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya walizima mwaka 2015. Kwa hiyo usishangae ukisachi TV nzima ukakuta chenga kila mahali. Kituo chako cha kwenye waya ndicho kitakachokuwa cha pekee.

Nitajuaje kama kweli nahitaji modulata?

Igeuze TV kwanza. Nimeshawauzia watu modulata, halafu wakileta TV nakuta tundu la njano lipo mbele, limefunikwa na kile kijifuniko cha plastiki karibu na vitufe vya sauti. Angalia nyuma, ubavuni, na chini ya kila kifuniko kinachofunguka. Ukiona tundu la njano lililoandikwa VIDEO IN au AV IN, acha modulata, tumia waya wa AV wa kawaida. Picha itakuwa safi zaidi, maana kila unapopandisha picha kwenye chaneli na kuishusha tena unaipunguza.

TV za mtumba kutoka Ulaya zina tundu lingine ambalo watu wengi hawalijui: refu, kama la vidole vinne, lenye pini 21 bapa. Linaitwa skati. Ndani ya tundu hilo kuna njia ya picha na ya sauti, na adapta yake ni kidude cha plastiki chenye matundu matatu ya rangi na swichi ndogo ya kuchagua IN au OUT. Iweke IN, chomeka waya za king'amuzi, bonyeza AV kwenye rimoti. Ni rahisi kuliko modulata na hakitumii umeme.

King'amuzi changu kina tundu limeandikwa RF OUT. Mbona nikichomeka kwenye TV naona chenga tu?

Hili ndilo linaloniletea wateja wengi, na wengi wao huja wameshaamua kwamba king'amuzi ni kibovu.

Tundu la RF OUT kwenye ving'amuzi vingi vya bei nafuu halitoi picha ya king'amuzi. Ni njia ya kupita tu. Mawimbi yanaingia kutoka kwenye antena, king'amuzi kinachota yanayokihusu, yaliyobaki yanatoka upande wa pili kama yalivyoingia, bado yakiwa ya dijitali. Lengo lake ni kukupa nafasi ya kuunganisha king'amuzi cha pili bila kununua antena nyingine. TV ya analojia ukiipa mawimbi hayo ni kama umeipa antena yenyewe: haielewi, inaonyesha chenga. Baadhi ya viwanda ni waungwana, wanaandika LOOP OUT. Wengine wanaandika RF OUT na kukuacha uhangaike.

Ving'amuzi vyenye modulata ndani vipo, hasa vya zamani kidogo. Namna ya kutofautisha ni kuingia kwenye menyu kupitia TV nyingine yenye AV na kutafuta mstari unaosema RF Output, RF Channel au maneno ya namna hiyo, ukiwa na namba unayoweza kubadilisha kati ya 21 na 69. Ukiuona, umepona: king'amuzi kina modulata yake, kazi yako ni kusachi namba hiyo kwenye TV. Menyu isipokuwa na mstari huo, tundu ni la kupitisha tu, na hata usachi mpaka asubuhi hutapata kitu.

Dukani kuna kichwa kidogo: upande mmoja njano ya AV, upande mwingine plagi ya antena. Hakitumii umeme. Kitafanya kazi?

Hapana. Kinabadilisha umbo la kichwa cha waya, hakibadilishi kilichomo ndani ya waya. Modulata ya kweli lazima ipate umeme kutoka mahali fulani, iwe kwa adapta yake au kwa waya wa USB. Kama hakuna pa kuingizia umeme, hiyo si modulata, hata muuzaji aape.

Ninunue modulata ya namna gani?

Watu huuliza rangi na chapa. Mimi naangalia kitu kimoja: sauti yake imepangwa umbali gani kutoka kwenye picha.

Ndani ya chaneli moja ya analojia, picha inakaa mahali pake na sauti inakaa juu yake kidogo. Huo umbali haukuwa sawa dunia nzima. Kenya, nchi za Ghuba na sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi walitumia megahezi 5.5, mfumo unaoitwa B/G. Uingereza walitumia 6.0, ndio mfumo I. China ni 6.5, yaani D/K, na Marekani ni 4.5, yaani M. TV iliyotengenezwa kusikiliza 5.5 haitasikia sauti iliyowekwa kwenye 6.5. Itaonyesha picha nzuri kabisa, lakini itakuwa bubu au inavuma.

Sasa fikiria sokoni kwetu. TV moja imepita Dubai, nyingine imeshuka kwenye kontena la mtumba kutoka Uingereza, modulata yenyewe imetoka China. Ndiyo maana nasema nunua modulata ambayo inakuruhusu kuchagua, yenye swichi au menyu iliyoandikwa B/G, I, D/K. Na iwe ya UHF yenye chaneli kati ya 21 na 69, si ile yenye swichi ya CH3 na CH4 peke yake. Hiyo ya CH3/CH4 imetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Nimeona watu wakizawadiwa na ndugu waliotoka huko, na matokeo ni yale yale: picha inakuja, sauti haiji.

Kama TV yako ni ya mifumo mingi, yenye SOUND SYSTEM kwenye menyu yake, una bahati. Unaweza kubadilisha upande wa TV badala ya upande wa modulata.

Nionyeshe hatua kwa hatua.

Nitakueleza kazi moja niliyoifanya, kwa sababu ilikuwa na kila usumbufu unaoweza kukutana nao.

Mama mmoja wa makamo alileta TV ya inchi 14. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hii nilinunuliwa na marehemu, sitaki kuambiwa niitupe." Haikuwa na rimoti. Ilikuwa na vitufe vinane mbele, na pembeni kijidroo kidogo ambacho ukikivuta unakuta visukumio vinane vyenye herufi L, H na U, na kando ya kila kimoja kijigurudumu chenye meno cha kuzungusha kwa kucha. Vijana wengi hawajawahi kuviona. Nyuma, tundu la antena peke yake.

Nilianza bila umeme kokote. Waya wa dishi niliurudisha kwenye king'amuzi, pale ulipokuwa. Njano ya king'amuzi ikaenda kwenye njano ya modulata, nyeupe kwa nyeupe. Kutoka TV OUT ya modulata nikavuta waya wa antena hadi nyuma ya TV. Tundu la ANT IN la modulata nililiacha wazi. Watu wengi huona tundu tupu wakahisi kazi haijaisha, wanachomeka antena ya nje humo. Usifanye hivyo. Hakuna tena analojia ya kukamata, na unachoingiza ni mawimbi ya dijitali ambayo yatagombana na kituo chako kidogo.

Kisha nikaiwasha modulata, nikaweka chaneli ya 36 na B/G. King'amuzi nikakiweka kwenye chaneli ya taarifa ya habari, mtu anaongea. Nafanya hivyo makusudi: ukisachi huku kuna muziki au picha nyeusi, hujui kama umefika. Mtu anayeongea unamjua mara moja, kwa uso na kwa sauti.

Kwenye TV nilibonyeza kitufe cha nane, nikasukuma kisukumio chake hadi U, nikaanza kuzungusha kijigurudumu polepole kutoka chini. Chaneli ya 36 iko kwenye megahezi 591.25, na UHF ya TV hizi inaanza karibu na 470 na kufika 860 hivi, kwa hiyo unaikuta kabla hujafika katikati. Chenga zikawa nyeusi, zikalala, uso wa mtangazaji ukajitokeza. Nikazidi kidogo, picha ikasimama lakini sauti ikawa inavuma kama nyuki. Nikarudi nyuma robo ya jino. Sauti ikaja safi. Mama akasema, "Alaa, kumbe alikuwa anaongea."

Picha inaweza kujitokeza mahali pawili vilivyokaribiana wakati unasachi, kwa sababu modulata za bei nafuu zinamwaga kidogo pembeni ya chaneli yake. Chukua ile yenye sauti safi na rangi kamili.

Kwenye TV yenye rimoti kazi ni hiyo hiyo ila kwa menyu. Chagua namba ya programu unayoitaka, ingia kwenye sachi ya mkono, chagua UHF, ikisimama kwenye picha bonyeza STORE au MEMORY. Ukisahau kuhifadhi, kesho yake umeme ukirudi utaanza upya.

Picha ipo, sauti hakuna.

Kama nilivyosema juu, ni B/G dhidi ya D/K au I. Badilisha swichi ya modulata moja baada ya nyingine, TV ikiwa imetulia kwenye picha, mpaka sauti ije. Kama modulata yako haina swichi hiyo na TV haina SOUND SYSTEM, hakuna ufundi wa waya utakaosaidia. Ila kabla ya kuirudisha dukani hakikisha king'amuzi chenyewe hakijazimwa sauti kwa rimoti. Usicheke.

Picha inapanda juu bila kusimama, au haina rangi.

King'amuzi kinatoa picha kwa mfumo wa rangi wa NTSC, TV inataka mfumo mwingine, PAL. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya picha, utafute TV Standard au Video Standard, uweke PAL. Kama menyu haisomeki kwa jinsi picha inavyokimbia, peleka king'amuzi kwa jirani mwenye TV ya kisasa, badilisha huko, urudi nacho. Ikishakuwa PAL na bado haina rangi, zungusha sachi kidogo sana. TV ikiwa pembeni ya chaneli, rangi ndiyo inayotangulia kupotea.

Waya wa AV wa king'amuzi changu una pini moja nyembamba kama ya hedifoni upande mmoja. Nimenunua mwingine na hautoi picha.

Waya hizo zinafanana kwa macho lakini hazifanani ndani. Ile pini ina pete nne, na kila kiwanda kimeamua chenyewe pete ipi ibebe picha, ipi sauti, ipi earthi. Ukichukua waya wa kifaa kingine unaweza kukuta picha inatoka kwenye kichwa chekundu. Kabla hujanunua mwingine, chomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano la modulata, kisha cheupe. Mara nyingi picha inapatikana kwenye kimojawapo, na vilivyobaki vinakuwa sauti. Ikitokea vyote vitatu vinatoa mvumo, basi earthi ndiyo iliyohama, na waya huo haukufai.

King'amuzi changu kipya kina HDMI peke yake.

Utahitaji vidude viwili kwa mfuatano. Cha kwanza ni kibadilishi cha HDMI kwenda AV, kinachotumia volti 5 za USB. Soma maandishi juu yake vizuri: kiwe HDMI2AV, si AV2HDMI. Ni vidude pacha kwa umbo na vinafanya kazi kinyume, na wauzaji huvichanganya kwenye sanduku moja. Kina swichi ya PAL na NTSC, iweke PAL. Kutoka hapo njano na nyeupe zinaingia kwenye modulata kama kawaida.

Hapo lakini piga hesabu. Vidude viwili na adapta mbili za umeme nyuma ya TV yenye tundu moja. Wakati mwingine TV ya mtumba yenye AV inakugharimu karibu sawa. Uamuzi ni wako.

Nina deki ya kanda imekaa kabatini. Inaweza kusaidia?

Inaweza kuwa modulata yako ya bure. Deki za VHS nyingi zilitengenezwa wakati TV hazina AV, kwa hiyo zina modulata ndani. Ingiza waya za king'amuzi kwenye AV IN ya deki, waya wa antena utoke RF OUT ya deki uingie kwenye TV. Iwashe deki, chagua LINE, AV au L1 kwa kitufe cha INPUT, na kama kuna kitufe cha TV/VCR hakikisha kiko upande wa VCR. Kisha sachi kwenye TV karibu na chaneli ya 36. Baadhi zina kitundu nyuma chenye skrubu ya kubadilisha chaneli, na pembeni yake swichi ya mfumo wa sauti. Tumia bisibisi ya plastiki ukiipata, maana ya chuma ukiigusisha tu picha inahama.

Sehemu ya kanda ikiwa imekufa si neno, huihitaji. Isipokuwa deki inayowaka sekunde chache na kujizima: hiyo inajikagua, inakuta mota haizunguki, inakataa kukaa hewani. Hiyo hata kwa modulata haitakufaa.

Fundi wa mtaani anasema atafungua TV aniwekee tundu la AV ndani, ni bei ndogo. Nikubali?

Muulize kwanza kama chasisi ya TV hiyo imetenganishwa na umeme wa ukutani. Akikuangalia bila kujibu, chukua TV yako uondoke.

Baadhi ya TV za zamani zilitoka kiwandani bila AV kwa sababu maalumu. Chasisi yake imeunganishwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, na tundu la antena pekee ndilo lililokingwa kwa kapasita ndogo nyuma yake. Fundi akiunganisha earthi ya tundu jipya la AV kwenye chasisi hiyo, umeme unapita kwenye waya wa AV, unaingia kwenye bati la king'amuzi, unapanda na waya wa dishi hadi kwenye nguzo nje. TV itaonyesha picha nzuri tu. Atakayejua kuna tatizo ni yule atakayeishika nguzo akiwa peku baada ya mvua.

Modulata inaingilia kwenye tundu lile lile lililokingwa, ndiyo sababu mimi naipenda kuliko kuchokonoa ndani. Na wewe mwenyewe usifungue mgongo wa TV hata ikiwa imechomolewa, kioo chake hubaki na chaji kali.

Mistari inapita kwenye picha, au chenga nyepesi zinabaki hata baada ya kusachi vizuri.

Mistari minene miwili inayopanda taratibu ni adapta ya umeme ya modulata. Jaribu nyingine yenye volti na mpangilio wa pini ule ule ulioandikwa kwenye modulata. Chenga au mchanga mwembamba mara nyingi ni kwamba mnara wa dijitali wa mji wako unatumia chaneli ile ile uliyoiweka, na waya duni unayanyonya mawimbi yake kutoka hewani. Hamisha modulata kutoka 36 kwenda chaneli nyingine mbali kidogo, kisha sachi tena. Ikitulia, iache hapo.

Picha imebanwa, watu wamekuwa warefu kama mianzi.

King'amuzi kinadhani TV yako ni pana. Kwenye menyu badilisha kutoka 16:9 kwenda 4:3. Ukichagua Letterbox utapata picha nzima na mistari myeusi juu na chini. Pan Scan inajaza kioo lakini inakata pembeni, na kwenye mpira wa miguu matokeo huandikwa pembeni hapo hapo.

Naweza kupeleka picha kwenye TV ya chumba kingine pia?

Ndiyo, na hapo modulata inaishinda AV. Weka kigawanyio cha antena cha njia mbili baada ya TV OUT, vuta waya mzuri wa antena hata mita 20, sachi chaneli ile ile kwenye TV ya pili. Zote zitaonyesha kitu kimoja, na rimoti inabaki sebuleni, kwa hiyo anayekaa na king'amuzi ndiye anayechagua.